Pale Tairi Linapogusa Ardhi
Mhadhara kuhusu kasi za gurudumu linaloviringika



Gari la utalii likipita hapa mjini Karatu kuelekea Lango la Lodoare kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa, vyote vilivyomo ndani yake vinakwenda kwa mwendo huohuo: dereva, wageni, viti na maji ya kunywa. Magurudumu peke yake ndiyo hayako hivyo. Kwenye tairi moja, kwa wakati mmoja, ipo sehemu inayokwenda kilomita 72 kwa saa, na ipo sehemu iliyosimama kabisa. Iliyosimama ni ile ya chini, inayogusa lami. Nataka leo tuifuate sehemu hiyo, kwa sababu ukiielewa vizuri utaweza kusema ni kwa nini tope humfikia mwendesha bodaboda mgongoni, ni kwa nini alama ya tairi kwenye udongo mwekundu wakati mwingine huwa safi na wakati mwingine huwa imeburuzwa, na ni kwa nini gari lililofungwa breki kwenye mteremko halisikii usukani.

Tushike namba rahisi tuende nazo mpaka mwisho. Kilomita 36 kwa saa ni mita 10 kwa sekunde. Tairi la Landkruza ya kubeba watalii, kutoka katikati ya ekseli hadi chini, lina takriban sentimita 40. Mzingo wake basi ni kama mita 2.5, maana yake kwa mwendo huo linazunguka karibu mara 4 kila sekunde.

Sasa itazameni nukta moja kwenye ukingo wa tairi. Ina miendo miwili kwa pamoja. Kwanza inachukuliwa na gari: gari linakwenda mbele mita 10 kwa sekunde, nayo inakwenda. Pili inaizunguka ekseli. Inaizunguka kwa kasi gani? Tairi lisipoteleza, kila linapomaliza mzunguko mmoja linakuwa limelaza mzingo wake wote juu ya barabara, mita 2.5 za mpira kwa mita 2.5 za njia, bila kuzidi wala kupungua. Kwa hiyo kasi ya ukingo kuizunguka ekseli ni sawasawa na kasi ya gari, nayo ni mita 10 kwa sekunde. Nukta ikiwa juu kabisa, mzunguko unaisukuma mbele na gari linaisukuma mbele: 10 na 10 ni 20. Ikiwa chini kabisa, mzunguko unairudisha nyuma wakati gari linaipeleka mbele: 10 toa 10 ni sifuri.

Najua mwanafunzi aliye makini atauliza: chini ikisimama, gari linasogeaje? Linasogea kwa sababu hakuna kipande cha mpira kinachobaki pale chini. Kipande kinashuka, kinatua, kinasimama kwa kitambo kidogo mno, kisha kinainuliwa, na jirani yake ametua tayari. Kusimama huko si kutulia. Nukta ile ina kasi sifuri, lakini mchapuko wake, yaani jinsi kasi yake inavyobadilika, ni mkubwa sana: mraba wa 10 ugawe kwa 0.4, unapata mita 250 kwa sekunde kwa sekunde, kuelekea juu, mara 25 ya mchapuko wa jiwe linaloanguka. Wanafunzi wengi huandika kwenye mtihani kwamba kasi ikiwa sifuri basi na mchapuko ni sifuri. Gurudumu ni ushahidi mzuri kwamba sivyo. Jiwe lililorushwa juu linatoa ushahidi uleule pale linapofika kileleni.

Kuna njia ya pili ya kuyaona haya, nami naipenda zaidi. Mwaka 1638 Mfaransa Descartes alikuwa anatafuta mwelekeo wa mstari unaogusa siklodi, yaani ule mchoro wa matao unaochorwa na nukta ya ukingo wakati gurudumu linaviringika. Badala ya gurudumu la duara alianza na umbo lenye pembe nyingi. Chukueni ubao wa pembe sita muuviringishe sakafuni. Hauviringiki kwa ulaini. Unasimama kwenye pembe moja, unapinduka wote kuizunguka pembe hiyo, unalala upande wake, kisha unasimama kwenye pembe inayofuata. Wakati unapinduka, pembe iliyo chini haitoki mahali pake, na kila sehemu nyingine ya ubao inachora tao ambalo kitovu chake ni pembe ile. Ongezeni pembe ziwe 12, ziwe 100, ziwe 1000. Hoja haibadiliki hata kidogo. Pembe zikizidi idadi mpaka umbo liwe duara, kitovu cha kupinduka kinabaki palepale lilipo gusano na sakafu, ila kila mara ni nukta mpya.

Ndipo tunapopata jambo kuu la mhadhara huu. Gurudumu linaloviringika, kwa kitambo kimoja, linazunguka lote zima kuizunguka nukta inayogusa ardhi. Nukta hiyo inaitwa kitovu cha mzunguko cha papo hapo. Ni kama mlango na bawaba zake: karibu na bawaba ubao hausogei sana, kwenye kitasa unasogea sana, na kila sehemu inasogea kwa pembe mraba na mstari unaoiunganisha na bawaba. Gurudumu letu lina bawaba chini, kwenye lami, na kasi yake ya kuzunguka ni 10 gawanya kwa 0.4, yaani radiani 25 kwa sekunde. Kuanzia hapa hatuhitaji tena kujumlisha miendo miwili. Ukitaka kasi ya nukta yoyote ya gurudumu, pima umbali wake wa moja kwa moja kutoka gusano, zidisha kwa 25.

Tujaribu. Ekseli iko mita 0.4 kutoka chini: 0.4 mara 25 ni 10, ndiyo kasi ya gari. Kilele cha tairi kiko mita 0.8: kinakwenda 20. Nukta iliyo nyuma ya tairi, kimo kimoja na ekseli, iko mita 0.566 kutoka gusano, hivyo inakwenda mita 14.1 kwa sekunde, na mwelekeo wake ni mbele na juu kwa nyuzi 45. Je, ni nukta zipi za ukingo zinazokwenda kasi ileile ya gari? Ni zile zilizo mita 0.4 kutoka gusano, nazo ziko nyuzi 60 kila upande wa chini. Kwa hiyo theluthi moja ya ukingo, ile ya chini, inakwenda polepole kuliko gari, na theluthi mbili zinakwenda haraka kuliko gari. Watu wengi wakiulizwa hubashiri nusu kwa nusu.

Kutoka kanuni hiyohiyo inatoka nyingine fupi ambayo sikuiona kwenye vitabu vya shule nilivyosomea, na inafaa kuliko zote kwa mtu anayetazama barabara. Kasi ya kwenda mbele ya nukta yoyote inategemea kimo chake tu kutoka ardhini: zidisha kimo kwa 25. Kasi ya kupanda au kushuka inategemea tu iko nyuma au mbele ya gusano kwa kiasi gani: zidisha umbali huo wa ulalo kwa 25. Nukta iliyo sentimita 20 kutoka ardhini inakwenda mbele mita 5 kwa sekunde. Iliyo sentimita 60 inakwenda mbele mita 15. Kwa kuwa hakuna sehemu ya tairi iliyo chini ya barabara, hakuna sehemu ya tairi linaloviringika inayorudi nyuma.

Anayetaka ushahidi wa macho achukue kamera. Simama kando ya barabara, ishike imara bila kuigeuza, upige baiskeli inayopita kwa mwanga wa muda wa sehemu moja ya mia ya sekunde au mrefu zaidi kidogo. Spoki za juu zitakuwa ukungu mtupu, na za chini zitaonekana moja moja. Kwa tairi letu la mfano, katika sehemu ya mia ya sekunde kilele kinasogea sentimita 20, ilhali kipande kilichogusa ardhi kinainuka kama sentimita moja tu. Lakini ukiigeuza kamera ili ifuatane na baiskeli, picha itabadilika: katikati ya gurudumu patakuwa safi na ukungu utaenea sawa kuzunguka ukingo wote. Kamera iliyotulia inaona kama anavyoona mtu aliyesimama barabarani, na kamera inayofuata inaona kama anavyoona mwendeshaji. Zote mbili zinasema kweli. Kusimama kwa gusano ni kusimama kwa kulinganisha na barabara, na barabara ndiyo inayosuguana na tairi.

Sasa tope. Msimu wa masika, kwenye njia za udongo za Rhotia, Mbulumbulu na Endabash, somo hili linaandikwa kwenye mavazi ya watu. Fikirini pikipiki isiyo na madigadi ya nyuma. Tope lililoshikana na tairi linabebwa juu upande wa nyuma, na popote linapoachia linaondoka na kasi ya nukta ile liliyokuwa limeishika. Likiachia kwenye kimo cha ekseli, linakwenda mbele kwa kasi ya pikipiki hasa. Mwendeshaji, kama angegeuka, angeliona linapanda wima na kushuka. Likiachia juu ya kimo cha ekseli, linakwenda mbele kuliko pikipiki, linamfukuza aliyeipanda na kumfikia mgongoni. Likiachia chini ya kimo cha ekseli, linabaki nyuma. Kwa hiyo ule mstari wa tope mgongoni umetoka wote kwenye nusu ya juu ya tairi, na madigadi yanayomlinda mtu mgongo ni yale yanayofunika nusu hiyo. Mpira unaoning'inia chini nyuma ya gurudumu ni wa kumlinda anayefuata.

Na huyo anayefuata anapigwaje, ikiwa nimesema tairi halirushi kitu nyuma? Tulihesabu tukitumia gari letu. Tope jingi huachia mapema, mara tu kashata za tairi zinapotoka kwenye mgandamizo. Tuseme donge limeachia sentimita 5 tu kutoka ardhini. Kimo hicho kinalipa kasi ya mbele ya mita 1.25 kwa sekunde. Umbali wake nyuma ya gusano ni kama sentimita 19, na huo unalipa kasi ya kupanda ya karibu mita 5 kwa sekunde. Donge linapanda mita moja na robo hivi, kimo cha kioo cha gari dogo, na linakaa hewani karibu sekunde nzima. Katika sekunde hiyo limesogea mbele mita moja na kidogo. Gari lililolirusha limeondoka mita 10, na gari la nyuma, kama liko umbali huohuo, limeshafika. Kioo ndicho kilichokwenda kulipiga tope lililokuwa linaning'inia njiani, kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Hewa nayo inalipunguza mwendo donge dogo na kulifanya libaki nyuma zaidi, lakini hailigeuzi kiasi cha kumfikia mtu aliyesimama barabarani mita kadhaa nyuma. Aliyesimama hapo, gari likaondoka bila kuteleza, hachafuki.

Akichafuka, basi gurudumu limeteleza. Hicho ndicho kipimo, na hakihitaji chombo.

Tufike kwenye kuteleza kwenyewe. Bonde la Ngorongoro lina kina cha takriban mita 600 kutoka kwenye ukingo, na kwa miaka mingi utaratibu umekuwa kuteremka kwa njia ya Seneto na kupanda kwa njia ya Lerai. Fikirini gari linapanda kwenye tope, mahali popote pa namna hiyo. Injini inazungusha magurudumu yote manne kwa radiani 25 kwa sekunde, na mita ya spidi, ambayo kwenye magari mengi ya zamani inasoma mzunguko unaotoka kwenye gia, inaonyesha 36. Lakini gari linasogea mita 2.5 tu kwa sekunde. Kitovu cha mzunguko kiko wapi sasa?

Ni mahali ambapo kurudi nyuma kwa mzunguko kunafuta kabisa kwenda mbele kwa gari. Gawanya 2.5 kwa 25: ni mita 0.1. Kitovu kimepanda. Kiko sentimita 10 chini ya ekseli, ndani ya ringi, sentimita 30 juu ya ardhi. Kila kilicho chini ya kimo hicho sasa kinarudi nyuma, na gusano linasugua udongo kwa kasi ya 0.3 mara 25, mita 7.5 kwa sekunde. Tope linatoka nyuma kama risasi, na wanaosukuma gari ndio wanaolipokea. Gari likikwama kabisa huku magurudumu yanazunguka, kitovu kinafika kwenye ekseli yenyewe, na tairi linachimba shimo lake. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, kitovu kinashuka kurudi chini, na kinapofika ardhini tairi linashika. Watu wa safari wanajua kwamba kukanyaga mafuta kwenye tope hakusaidii. Sababu yake ni kwamba gusano linalosugua limeshapoteza ule mshiko wa kusimama, ambao kwa kawaida ni mkubwa kuliko msuguano wa kuteleza, na juu ya hapo linazijaza kashata tope mpaka tairi jipya liwe kama kipara.

Tahadhari moja kwa mafundi. Nimesema magurudumu yote manne kwa makusudi. Difu ya kawaida ikiwa haijafungwa, gurudumu moja laweza kuzunguka kwa fujo na mwenzake wa ekseli hiyohiyo akatulia, na mita ya spidi ikaonyesha wastani wa hayo mawili. Hapo kila gurudumu lina kitovu chake: la kwanza karibu na ekseli, la pili chini kwenye udongo. Usihesabu kuteleza kwa kuitazama mita peke yake.

Kuna mpaka mwingine wa hesabu zetu unaonilazimu kuusema. Tairi halisi si duara gumu. Uzito wa gari unalibonyeza, na linagusa ardhi kwa eneo lenye urefu wa sentimita kadhaa, si kwa nukta. Mpira unaoingia kwenye eneo hilo unakaa umetulia pale mpaka utoke. Eneo likiwa na sentimita 20, kwa mwendo wetu ni sehemu ya hamsini ya sekunde. Kwenye kingo zake kashata zinajikunja na kuteleza kidogo hata gari likienda vizuri. Wala usichukue sentimita 40 za tairi lililo hewani ukadhani ndizo za hesabu. Anayetaka namba ya kweli apige chaki tairi na barabara, asukume gari polepole kwa mizunguko 10 kamili kwenye uwanja ulio sawa, apime urefu. Akipata mita 24.5, agawanye kwa 10, kisha kwa 6.28, atapata sentimita 39. Huo ndio nusukipenyo wa kuviringika wa tairi lake, kwa upepo na mzigo uliomo siku hiyo.

Kile kitambo cha kutulia ndicho kinachochapa alama. Kashata inashuka karibu wima, inakaa, inaondoka karibu wima, kwa sababu siklodi inapogusa ardhi ina ncha inayosimama wima. Ndiyo maana gari la tani tatu linaweza kupita kwenye udongo mbichi likaacha mchoro wa tairi wenye kona safi. Huko Laetoli, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, timu ya Mary Leakey ilifukua mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kwenye majivu ya volkano yaliyolowana, takriban miaka milioni 3.6 iliyopita. Hawakuwa na magurudumu, lakini mguu unaotembea unafuata sharti lilelile: mwili unasonga mbele huku unyayo umetulia, na kisigino kikizama hakiburuzwi. Laiti nyayo zile zingeteleza, leo tungekuwa na michirizi ambayo isingetuambia chochote kuhusu kisigino wala dole gumba.

Kwa hiyo alama isomeni hivi. Mchoro wa kashata ukiwa kamili, na umbali kati ya alama mbili zinazofanana ukiwa sawa na mzingo wa tairi, gurudumu liliviringika. Kama tairi lina mkato mahali fulani, mkato huo utajirudia kila mita 2.5 hivi. Ukijirudia kwa umbali mfupi zaidi, na udongo umerundikwa nyuma ya alama, gurudumu lilikuwa linazunguka kuliko gari linavyokwenda. Ukijirudia kwa umbali mrefu zaidi, na udongo umesukumwa mbele, breki zilikuwa zinalizuia. Usipojirudia kabisa, ukabaki mfereji laini, gurudumu lilifungwa.

Hilo la mwisho ndilo la kuliogopa kwenye mteremko. Gari likishuka kwa mita 5 kwa sekunde na breki zikapunguza mzunguko mpaka radiani 5 kwa sekunde, gawanyeni tena: 5 kwa 5 ni mita moja. Kitovu kimezama sentimita 60 chini ya ardhi, na gusano linaburuzwa mbele kwa mita 3 kwa sekunde. Breki zikifunga kabisa, kitovu kinakwenda chini bila mwisho, hakipo tena, na kila nukta ya tairi inakwenda mita 5 kwa sekunde sawa na bodi. Gurudumu limekuwa mzigo unaoburuzwa.

Na hapa usukani unakufa kwa sababu inayoeleweka. Msuguano wa kuteleza daima unaelekea kinyume cha mtelezo. Gusano likiburuzwa kwenda mbele, msuguano unavuta nyuma moja kwa moja, haidhuru umeelekeza tairi kushoto au kulia, kwa kuwa tairi lililofungwa halina njia ya kuviringikia. Hausalii upande wa kuligeuza gari. Gusano lililotulia ni jambo jingine: halitelezi upande wowote, kwa hiyo msuguano wake uko huru kuelekea popote unapohitajika, mbele, nyuma au pembeni, alimradi haujavuka kiwango chake. Nguvu ya kukata kona inatoka hapo peke yake. Kwenye changarawe huru gari lililofunga magurudumu linaweza hata kusimama kwa umbali mfupi zaidi, kwa sababu tairi linarundika mawe mbele yake, lakini litasimama likiwa limekwenda lilikotaka lenyewe.

Ndiyo maana dereva mzoefu anaanza mteremko akiwa kwenye gia nzito, injini ndiyo imzuie, na breki aziguse kwa vipindi. Akisikia gari linateleza na kona imefika, anafanya kile ambacho mguu wake hautaki: analegeza breki. Magurudumu ya mbele yanazunguka tena, kitovu kinapanda kutoka chini ya ardhi mpaka kwenye udongo, gusano linatulia, na usukani unaanza kujibu.